Duka dogo na supamaketi

"Wakuu, duka letu linauza milioni 80 kwa mwaka, supamaketi ya jirani bilioni 12. Nalinganishaje? Mwaka 2021 tulifunga miezi mitano."

Geuza kila mstari wa taarifa ya mapato uwe asilimia ya mauzo. Kama bidhaa mlizouza ziliwagharimu milioni 60, hiyo ni 75%. Wao wakitumia bilioni 8.4, ni 70%. Kwa kila shilingi mia mnapitwa tano, pengine kwa sababu wao hununua moja kwa moja kiwandani.

Kuna anayesema inatosha kuangalia mwenendo, yaani kupima mauzo yenu ya kila mwaka dhidi ya mwaka mmoja wa kuanzia; amepatia nusu. Mkiifanya 2021, mlipouza milioni 40, kuwa 100, leo mko 200. Uongo mtamu huo! Anzieni 2022, mlipouza milioni 64: mko 125 tu.

Pango sijui utalilinganishaje kama jengo ni lao.