Kanuni inaweza "kurekebisha" sheria?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha wakamuaji mawese hapa Kasulu tunaandika maoni juu ya muswada, kuna sehemu inasema "Waziri anaweza, kwa kanuni, kurekebisha kifungu hiki". Mwenzetu anasema hicho si Kiswahili sahihi, kanuni haiwezi kurekebisha sheria. Mimi naona ni sawa tu. Nani yuko sahihi na tuandikeje?*

Marahaba mwanangu. Sentensi yenyewe kisarufi haina kosa hata moja, ila mwenzio kasikia kitu kinachogoma na kimegoma kweli, ni vile tu tatizo liko kwenye Katiba sio kwenye sarufi.

Tuanze na maneno yenyewe. Sheria, wengine wanaiita sheria mama, inatungwa na Bunge kwa muswada unaojadiliwa na kupitishwa kisha Rais anaukubali. Kanuni inatungwa na Waziri kwa sababu sheria mama imempa ruhusa, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali basi imeanza kazi. Kwa hiyo kanuni ni mtoto, na kawaida ikipingana na sheria iliyoizaa inakuwa batili kwa kiasi ilichopingana. Sasa kitenzi "kurekebisha" mtaani ni neno la upole, unarekebisha baiskeli, unarekebisha kola ya shati, yaani kitu kinabaki kilekile ila kinakaa vizuri. Kwenye lugha ya sheria halina upole huo kabisa, linabeba kuongeza, kupunguza, kufuta maneno na kuweka mengine mahali pake, mpaka kifungu chote. Ndo maana wewe umesoma ukaona sawa tu.

Watu wengi wanachanganya hii na kitu kingine cha kawaida kabisa. Mnakumbuka tozo za miamala ya simu mwaka 2021, Bunge kupitia Sheria ya Fedha liliweka mipaka, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, halafu viwango vyenyewe vikawekwa kwa kanuni. Watu walipolalamika vikashushwa asilimia 30 na kila mtu akasema "Waziri kabadilisha sheria ya tozo". Hapana, alibadilisha kanuni, na alikuwa anatembea ndani ya uzio ambao Bunge lilishaujenga. Unaweza kuipinga tozo yenyewe utakavyo lakini kiuandishi hiyo ni Waziri kujaza nafasi aliyoachiwa. Kifungu chenu ni kingine, hicho kinampa Waziri mamlaka ya kuuhamisha uzio wenyewe.

Ngoja niwape mfano wa kutunga, sio muswada wenu. Tuseme kifungu cha 9 kinasema mtu anayekamua chini ya madumu 50 kwa mwezi hahitaji leseni, na kifungu kidogo cha (4) kinasema Waziri anaweza kwa kanuni kurekebisha kifungu hiki. Mama anayekamua madumu 20 pale Kasulu yuko salama, na mbunge wake alipiga kura ya ndiyo kwa sababu ya hayo madumu 50. Miezi minane baadaye inatoka kanuni ya mistari mitatu, "kifungu cha 9 kinarekebishwa kwa kufuta namba 50 na kuweka badala yake namba 5". Bungeni hakuna aliyesimama kuijadili kabla, hamkuitwa kwenye kamati kutoa maoni, na mama sasa anatenda kosa. Mbaya zaidi akikimbilia kwa mwanasheria wa msaada mwenye nakala ya sheria ya zamani atasoma 50, wakati afisa aliyemkamata kashika Gazeti la Serikali lenye 5, na mwenye karatasi ya kweli ni huyo afisa. Hata ile kinga ya kwamba kanuni ikipingana na sheria ni batili haimsaidii tena hapo, manake kanuni haijapingana na sheria, imeibadilisha, na sheria yenyewe ndiyo iliyoruhusu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwa nchi za mfumo wa Kiingereza vifungu hivi vinaitwa kwa jina la Mfalme Henry wa Nane, sababu mwaka 1539 bunge lake lilipitisha sheria ya kuyapa matangazo yake nguvu kama ya sheria za bunge (ilifutwa 1547 alipokufa). Kesi ya kuijua ni ya Afrika Kusini mwaka 1995. Sheria ya mpito ya serikali za mitaa ilikuwa na kifungu cha 16A kilichomruhusu Rais kuirekebisha sheria hiyohiyo kwa tangazo, Rais Mandela akakitumia kuhamisha baadhi ya madaraka ya majimbo, serikali ya Western Cape ikaenda Mahakama ya Katiba na ikashinda. Mahakama ilisema Bunge linaweza kumkabidhi mtu kazi ya kutunga kanuni za utekelezaji, dola haiendi bila hiyo, lakini haliwezi kumkabidhi madaraka yake lenyewe ya kurekebisha sheria pale ambapo Katiba imeweka utaratibu wa kutunga sheria. Mandela akaukubali uamuzi hadharani. Uingereza kwenyewe vifungu hivi vinaruhusiwa ila mahakama zinavisoma kwa kuvibana, ikiwepo mashaka neno linasomwa kwa maana finyu.

Kwetu Tanzania, ibara ya 64 ya Katiba inaweka madaraka ya kutunga sheria mikononi mwa Bunge na ibara ya 97 inasema yatatekelezwa kwa kujadili na kupitisha miswada. Halafu 97(5) inaruhusu Bunge kukabidhi madaraka ya kuweka "kanuni zenye nguvu ya sheria". Mtetezi wa kifungu chenu atawashikia hapohapo, na hoja yake si ya kupuuza. Lakini someni Kiswahili chake taratibu, kuweka kanuni zenye nguvu ya sheria ni jambo moja, kuifuta sheria iliyopitishwa kwa muswada ni jingine, na ibara hiyo imetaja la kwanza tu. Kwa usomaji wangu la pili halimo, ingawa mwanasheria wa upande wa pili atasema nguvu ya sheria inatosha hata kubadilisha sheria. Na kama kifungu kinagusa kodi mna ibara ya 138 pia, inayotaka kodi itozwe kwa mujibu wa sheria ya Bunge au utaratibu uliotiliwa nguvu na sheria hiyo.

Mkisoma muswada angalieni nomino inayokuja baada ya kurekebisha. "Kurekebisha Kanuni hizi" haina shida. "Kurekebisha Jedwali" inategemea, jedwali ni sehemu ya sheria kamili, likiwa na fomu au orodha ya vipimo sina ugomvi, ila likiwa na adhabu au orodha ya wanaosamehewa leseni ni kama kifungu tu. "Kurekebisha kifungu" au "Sheria hii", simameni hapo. Muwe macho pia na maneno "kuondoa ugumu wowote katika utekelezaji" kwenye masharti ya mpito, humo ndani huwa panajificha madaraka haya bila neno kurekebisha kutajwa.

Kwenye maoni yenu msiandike "kifungu kina kosa la lugha", mtajibiwa kirahisi na hoja yenu itaishia hapo. Andikeni hivi: "Tunapendekeza kifungu cha 9(4) kifutwe, na badala yake kisomeke: Waziri anaweza, kwa kanuni, kuongeza idadi ya madumu iliyotajwa katika kifungu hiki, lakini hatakuwa na madaraka ya kuipunguza, na kanuni hizo hazitaanza kutumika mpaka ziridhiwe na Bunge kwa azimio." Badilisheni namba na jina la kitu kulingana na muswada wenu, ila "kuongeza" msiiguse, ndiyo inayomlinda mwenye madumu 20.