Ananijibu "usijali", kumbe hela ya kodi haijatimia

*Shikamoo Anti. Mimi kwetu Tarime, mume wangu wa Pangani, tuna mwaka wa pili kwenye ndoa, tumepanga Tabata. Ni mpole, hajawahi kunifokea, tatizo hasemi kitu kikanyooka. Kodi yetu laki mbili kwa mwezi, tunalipa ya miezi sita. Kila nikimuuliza hela ipo au haipo jibu ni "usijali mke wangu, itapatikana". Juzi mwenye nyumba kaja mlangoni ndo najua haijatimia, laki tano kamkopesha kaka yake. Nikamwambia palepale, mama mkwe na mwenye nyumba wanasikia, kwa nini unaniaibisha wakati ungesema tu. Tumepewa wiki mbili. Sasa mume ananipa salamu tu, na mama mkwe jana kavaa kanga imeandikwa Mdomo Uliponza Kichwa. Kwetu jambo linasemwa linaisha. Nifanyeje?*
*Mama wa Tabata*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hiyo kanga maana najua ndo iliyokunyima usingizi kuliko hata kodi. Iache. Raha ya kanga ni kwamba aliyeivaa anaweza akakutazama usoni akakwambia mwanangu hii nguo tu, ndo iliyokuwa imekauka, na inawezekana kweli ndo iliyokuwa imekauka. Ukimuuliza "mama umenilenga mimi?" umeshashindwa, na ukikimbilia Kariakoo kutafuta doti ya kumjibu ndo kabisa, hiyo vita huiwezi, wenzio wameianza kabla hujazaliwa. Msalimie, mtengee chai, endelea na shughuli zako.

Twende kwa mumeo. Unasema hasemi, mimi naona alikwambia, tena kila ulipouliza. Mtu aliyelelewa kusema kwa kuzunguka akiwa na hela ya kodi hajibu "itapatikana", anajibu "Ijumaa nikitoka kazini nampelekea". Jibu la kweli linakuja na siku au na kiasi. Lisilo na siku wala kiasi, yaani usijali, inshallah tutaangalia, ngoja kwanza, au anakuuliza ghafla kama umeme umebaki yuniti ngapi, hapo anakwambia sina na naomba usinilazimishe nitamke. Na ukirudia swali lilelile unapata jibu lilelile, safari hii kwa upole zaidi, na ule upole ukizidi ndo ujue hali mbaya. (Halafu si kila mtu wa Tanga yuko hivi, ninao wa Mara wanaozunguka mbuyu siku nzima kukuomba elfu kumi, kwa hiyo tusiongee makabila, tumwongelee huyu uliyenaye.)

Sasa angalia swali lako lenyewe, "ipo au haipo". Kwako ni swali la kawaida kabisa, ila kwake ili ajibu kweli lazima amwambie mke wake kwa mdomo wake kwamba nyumba imemshinda, na akishasema haipo unafuata na "iko wapi", hapo inabidi amtoe na kaka yake hadharani, kwamba mtu mzima kaja kukopa kwa mdogo wake. Ile siri haikuwa yake peke yake. Ndo maana alijifungia.

Chukua hesabu yenu hiyohiyo. Kodi milioni moja na laki mbili, laki tano zimetoka, mkononi ana laki saba. Ungemwambia hivi, wiki tatu kabla, mko wawili tu: "Baba, naona mambo yamekuwa mengi mwezi huu, unaonaje tuongee na mwenye nyumba apokee ya miezi mitatu kwanza, nyingine tumalizie baadaye?" Miezi mitatu ni laki sita, anayo na inabaki laki moja ya matumizi. Nina hakika angekwambia "nalo wazo zuri mke wangu". Hilo wazo zuri ndo ungamo lake lote, umeshajua hela haijatimia, umeshajua pengo ni kubwa, na yeye hajatamka neno lolote la kumshusha. Usiharibu sasa kwa kusema "kwa hiyo kumbe huna eeh". Nyamaza hapo. Ya kaka atakwambia mwenyewe siku mbili tatu baadaye, kama habari nyingine tu, mkiwa mnakula.

Na usimkalishe kitako mkatazamana, kikao kinamfunga mdomo mtu wa namna hii. Muulize mkiwa njiani mnatoka kituoni, au mtumie meseji mchana yuko kazini, halafu usidai jibu siku hiyohiyo. Wewe ukimya wa siku moja unauona dharau, mwenzio ndo yuko anatafuta namna ya kusema.

Ila mwanangu sisemi umvumilie tu, wala sisemi uanze na wewe kuongea kwa mafumbo, nyumba itakuwa na mabubu wawili. Kuna mwanaume anayesitiri na kuna mwanaume mwongo, na wanaweza kufanana ukiwa umekasirika. Anayesitiri anakuachia alama, anatamani ujue bila yeye kusema, ndo maana jibu lake linapwaya pwaya. Mwongo anafuta alama. Anakupa jibu lililokamilika, "nimeshalipa jana saa kumi, risiti iko ofisini", anabadilisha namba ya siri ya simu, na ukimpa njia ya heshima ya kusema haichukui. Wako ungeniandikia alikwambia kodi imelipwa ningekujibu barua nyingine kabisa.

Kwa hiyo na yeye asogee. Akishatulia mwambie wewe ulivyo, kwamba kwenu neno lisiposemwa mnahesabu halipo, humchokozi, ndo ulivyokua. Kisha mkubaliane mambo machache ambayo hayaendi kwa kuzunguka, mi ningeweka kodi, ugonjwa, na deni lolote linalogusa hela ya nyumba. Kwa hayo, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe anakutumia meseji ya neno moja tu, "kumebana", na wewe kazi yako siku hiyo ni kutouliza kwa nini. Ukivunja hilo la kwako mara moja hatatuma tena, nakwambia ukweli.

Lile la mlangoni nalo lishughulikie, halitakufa lenyewe. Usiombe msamaha kwa ulichosema maana kilikuwa kweli, omba kwa mahali ulipokisemea: "Nisamehe, lile lilikuwa la chumbani". Basi, usiongeze "lakini". Sema akiwa peke yake, ila aibu yake ilitoka mbele ya mama yake kwa hiyo na heshima yake irudi mbele ya mama yake. Mkishapata kilichopo, mwache yeye ndo aende kwa mwenye nyumba aombe hiyo miezi mitatu, hata kama na wewe umetia hela yako humo, na akirudi sema mama akisikia, "mwenye nyumba kakubali, baba kaongea naye vizuri". Iwe kweli lakini, asifiwe alichofanya, usimtungie.

Laki tano za kaka usizidai wewe, na usimwambie mumeo akazidai uso kwa uso, hataenda, atakwambia "nitamkumbusha" na sasa unajua maana yake. Muulize hivi tu: "Kati ya baba mdogo na shangazi nani kaka anamsikiliza?" Akitaja jina ujue amekubali, mwache apige hiyo simu mwenyewe. Na hizo wiki mbili zinakwenda, ile ya miezi mitatu mwambie leo jioni.