Pilau yako kwenye jiko la mwenzio

*Pilau yangu inaisha kabla ya saa nane mchana. Kijana wa Korogwe anataka kufungua mgahawa kwa jina langu, awe ananilipa. Nimtoze nini?* – Mama lishe, Ngamiani

Mamangu, hiyo ndiyo franchaizi, na malipo yake ni mawili. Ada ya kuingia hulipwa mara moja. Ifidie kazi yako ya kumfundisha na kumsimamia wiki za kwanza, basi. Ukiikuza, atafungua akiwa hana mtaji.

Pesa yako imo kwenye mrabaha wa kila mwezi, nao ukate kwenye mauzo, usiukate kwenye faida, maana faida huyeyuka kwenye daftari la matumizi. Tuseme anauza milioni 10 kwa mwezi. Chakula kinakula milioni 4 na nusu, mishahara milioni 2, kodi, mkaa na umeme milioni 1 na nusu. Zimebaki milioni 2. Ukichukua asilimia 5 ya mauzo, yaani laki 5, bado ana milioni 1 na nusu. Ukitaka asilimia 15, anabaki na laki 5, na hapo ataanza kupunguza nyama kwenye sufuria lenye jina lako.

*Nitajuaje mauzo yake ya kweli, na ladha isiharibike?* – Mpishi, Chumbageni

Shika viungo. Usimpe vipimo vya mchanganyiko. Saga mwenyewe bizari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu, fungasha pakiti ya kutosha kilo 5 za mchele, umuuzie kwa bei isiyomuumiza. Kilo 5 hutoa kama sahani 35. Akitumia pakiti 40, kapika sahani 1,400, na kwa shilingi 5,000 ni milioni 7. Akikuletea hesabu ya milioni 4, kaa naye chini. Pakiti zikipungua na wateja ni walewale, ameshaanza kununua viungo sokoni. Mkataba ukuruhusu kuingia jikoni bila taarifa, na kuliondoa jina akikaidi.

*Jina nimeliandikisha BRELA. Halitoshi?* – Msomaji, Pongwe

Tazama cheti. Kama ni cha jina la biashara, bado hujasajili alama ya biashara, na alama ndiyo unayomkodisha mwenzio. Isajili kabla ya kusaini. Hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

*Shemeji yangu wa Dar ana hela. Anataka tawi la Muheza, aweke mtu wa kusimamia. Nimkubalie?* – Mwenye mgahawa, Makorora

Hapana. Niliwahi kumpa mtu wa hivyo. Aliyewekwa alifika jikoni saa nne, nyama ilishanunuliwa na mtu asiyejua nyama, na mwezi wa tano nikashusha kibao.

Sasa kila anayetaka hukaa jikoni kwangu mwezi mzima kabla sijapokea ada. Anakwenda buchani alfajiri, anakaanga, anaosha masufuria. Mmoja, siku ya tatu tu, aliniuliza kwa nini kitunguu tunakiacha kiive mpaka kahawia iliyokolea. Nikamwonyesha rangi ya pilau inavyotoka hapo. Huyo ndiye niliyempa.