Geuza mfuko kwanza, ndipo upige picha

Mpwa wangu aliye Arusha alinitumia picha ya mfuko wa kilo 15 wa chakula cha mbwa, mbele yake mbwa amekaa kama bwana harusi. "Shangazi, huu unamfaa Simba?" Simba ni mbwa dume wa aina ya German Shepherd, ana miezi minne. Nikamwambia hilo ni tangazo, ageuze mfuko.

Picha ya pili ilikuwa ya viungo: kuku mbichi, mahindi, mchele, gluteni ya mahindi. Viungo hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na kuku mbichi sehemu kubwa ni maji. Akikauka, huenda mahindi yakampita, hasa kwa kuwa yametajwa mara mbili. Sikumkatalia kwa hilo, kwani mbwa humeng'enya vizuri mahindi yaliyopikwa. Nilikuwa natafuta ile sentensi ndogo, ambayo kwenye mifuko ya Marekani hutaja AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha huko, inayosema chakula kinatosheleza mbwa wa umri gani. Akaipiga picha. Ilisema kwa Kiingereza kuwa ni cha hatua zote za maisha, halafu kidole gumba chake kikafunika maneno ya mwisho.

Nami niliwahi kuishia kusoma hapo hapo. Mbwa wangu wa kwanza mkubwa nilimpa chakula cha namna hiyo, tena nikamwongezea unga wa mifupa ili "akomae". Alipofika miezi mitano miguu ya mbele ilianza kupinda. Daktari wa mifugo akanieleza kwamba mtoto wa mbwa wa umri huo hana uwezo mzuri wa kuzuia kalsiamu isiyohitajika. Ikizidi kwenye chakula, inazidi mwilini, na kwa mbwa wa jamii kubwa mifupa ndiyo inayoumia. Unga wa mifupa ukaishia jalalani siku ile ile.

"Toa kidole," nikamwandikia. Chini yake palikuwa na maneno "isipokuwa kwa ukuaji wa mbwa wakubwa", yaani wanaotarajiwa kufikia kilo 32 hivi au zaidi wakikomaa. Dume la German Shepherd hufika huko bila shida.

Nikataka na jedwali la virutubisho ili nihakikishe. Kalsiamu ilikuwa na kiwango cha juu cha asilimia 1.9, unyevu asilimia 10. Ukigawanya 1.9 kwa 0.9 unapata 2.1 kwa chakula kikavu, na kikomo cha watoto wa mbwa wakubwa ni 1.8. Angalia kama ni kiwango cha juu au cha chini, maana mifuko mingi hutaja cha chini tu, na hicho hakikuambii kalsiamu imezidi au la.

Alipata mfuko mwingine unaotaja kujumuisha mbwa wakubwa, akauchanganya na chakula cha zamani kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ule wa kwanza anakula mbwa koko wa mlinzi, mwenye miaka mitano, na kwake hauna tatizo.