Ngazi ya rezista kwenye pini za poti: pima 127 na 128 kwanza

Ngazi yangu ya kwanza ya rezista, ile inayogeuza namba kuwa volti, niliiunga kwenye poti D ya ATmega328P, ile chipu ya Arduino Uno, nikatumia pini zote nane. Programu ilihesabu kutoka 0 hadi 255 na kuanza upya, nami nikatarajia kuona kwenye osiloskopu mstari unaopanda bila kukatika. Ulipanda kweli, lakini ulipofika katikati uliporomoka kidogo, kisha ukaendelea kupanda. Jioni nzima nilitafuta kosa kwenye programu, na halikuwa huko. Lilikuwa kwenye rezista moja.

Mpangilio ni huu. Kila pini inapita kwenye rezista ya kiloomu 20 hadi kwenye kifundo chake. Vifundo vinaungana kwa rezista za kiloomu 10, na kile cha biti ndogo kabisa kinashuka kwenye graundi kwa kiloomu 20 nyingine. Volti tunazichukua kwenye kifundo cha biti kubwa. Kwa umeme wa volti 5, biti kubwa peke yake inatoa volti 2.5, inayofuata 1.25, na kuendelea hivyo kwa nusu. Hatua moja ni 5 gawanya kwa 256, yaani kama milivolti 19.5.

Sasa angalia hatua ya kutoka 127 hadi 128. Kwenye 127 biti saba ndogo zote zimewaka na kubwa imezima. Kwenye 128 mambo yanageuka, kubwa inawaka na zile saba zinazima. Hatua yako ndogo ya milivolti 19.5 ni tofauti kati ya volti mbili kubwa zinazokaribia kulingana. Kasoro ndogo kwenye mojawapo inaimeza.

Rezista yangu ya biti kubwa ilikuwa ya asilimia 5, na nilipoipima ilisoma kiloomu 20.6 badala ya 20. Tuchukulie nyingine zote ziko sawa. Ukitazama kutoka kifundo cha juu, ngazi yote ya chini ni kama rezista moja ya kiloomu 20, kwa hiyo:

```
V128 = 5.000 * 20.0 / 40.6 = 2.463
V127 = 4.961 * 20.6 / 40.6 = 2.517
```

Namba imeongezeka, volti zimepungua kwa milivolti 54. Rezista ingekuwa ndogo kuliko 20, hapo tungeona mruko mkubwa badala ya poromoko.

Kila asilimia 1 ya kasoro kwenye rezista hiyo inakula kama milivolti 25 za hatua ya katikati. Kwa hiyo hata rezista za asilimia 1 hazikuhakikishii biti nane. Hiyo moja tu inatakiwa isizidi kwa zaidi ya asilimia 0.78. Za asilimia 5 zinakufikisha biti nne kwa usalama, hata ukiwa na pini nane. Ukishuka biti moja, uzito wa kasoro unapungua kwa nusu, na kwenye biti ndogo kabisa hata asilimia 5 huioni.

Ninachofanya siku hizi ni kununua ukanda mmoja wa rezista za kiloomu 10 na kutumia 25: saba kati ya vifundo, na nyingine mbili mbili mfululizo kutengeneza zile za 20. Za ukanda mmoja kwa kawaida hukaribiana kuliko asilimia iliyoandikwa. Zipime zote kwa multimita ileile, kwenye renji ileile ya kipimo, bila kushika ncha zote mbili kwa vidole. Multimita ikisoma juu kidogo haidhuru, kwani inazidisha zote sawasawa na tunachotaka ni uwiano. Oanisha iliyozidi na iliyopungua, na jozi zilizolingana vizuri zaidi zipeleke kwenye biti kubwa.

Usishuke kwenye rezista za kiloomu 1 na 2. Pini yenyewe ina ukinzani wa takriban omu 25 ndani yake. Kwenye kiloomu 20 ni kitu kidogo, kwenye kiloomu 2 inazidi asilimia 1.

Andika poti nzima kwa mara moja:

```
DDRD = 0xFF;
PORTD = thamani;
```

Ukitumia `digitalWrite` pini moja moja, kila ukivuka 127 utapata mwiba mkubwa ambao hauhusiani na rezista. Na kumbuka pini 0 na 1 ndizo za siriali, kwa hiyo `Serial` usiitumie.

Kabla ya kuunga chochote mbele, weka 127 upime, weka 128 upime. Multimita ya kawaida kwenye volti 20 inaonyesha hadi 0.01, kwa hiyo poromoko kama langu utaliona bila osiloskopu. Rudia kwa 63 na 64, kisha 191 na 192.

Ukiunga mzigo wa kiloomu 10, volti zote zitashuka nusu, lakini mpangilio wa hatua hauharibiki. Ukiweka ampu ya LM358 inayotumia volti 5 ileile, mstari utakuwa bapa karibu na volti 3.5, kwa sababu ampu hiyo haiwezi kufika juu. Hapo usiguse rezista, badilisha ampu.