Neno la kuweka mahali pa "tatizo" kwenye taarifa ya mradi

Kama ndiyo kwanza umeajiriwa kwenye mradi na umekabidhiwa taarifa ya robo mwaka, sehemu ya mafanikio haitakusumbua. Itakayokusumbua ni ile inayofuata, unapotakiwa kueleza yaliyokwama bila kumtisha mfadhili, bila kumlaumu mkandarasi na bila kuficha kitu. Wengi ninaopitia rasimu zao hufanya moja kati ya mawili. Ama wanaandika "matatizo" kila mstari mpaka taarifa inasomeka kama malalamiko, ama wanabadilisha kila "tatizo" kuwa "changamoto" na kuona kazi imekwisha. Hilo la pili naliona baya zaidi, maana msomaji hajui tena lipi limeshatokea, lipi linaendelea na lipi linahofiwa tu.

Tuchukue mradi wa maji wa kijiji chenye watu 2,400. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka mkazi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Kwa watu hao ni lita 60,000 kwa siku, kwa hiyo mradi umesanifiwa kwa kisima cha lita 5,000 kwa saa na pampu itakayofanya kazi saa 12. Taarifa ni ya Oktoba hadi Desemba, na rasimu inasema: "Mradi unakabiliwa na matatizo ya kisima, mabomba, fidia na mvua."

Hapo kuna mambo manne yasiyofanana. Kabla ya kutafuta neno zuri, andika kila moja kwa sentensi kamili, kisha angalia kitenzi chako kimebeba wakati gani. Lugha yetu inatusaidia sana hapa.

Anza na mabomba: "Mabomba ya kilomita 2 kati ya 6 yanasubiri kibali cha msamaha wa kodi." Kitenzi kina -na-. Jambo linaendelea, na kuna mtu anaweza kulisukuma. Hiyo ndiyo changamoto halisi, na neno hilo linabeba ahadi: ukilitumia, msomaji anatarajia sentensi inayofuata imweleze umefanya nini. "Mkandarasi aliwasilisha maombi mwezi Novemba, ofisi ya mkurugenzi inafuatilia, na kwa sasa mafundi wanalaza mabomba yaliyopo kuanzia upande wa tangi." Changamoto isiyofuatiwa na hatua iliyochukuliwa ni lawama iliyovaa nguo ya heshima.

Fidia ni jambo la aina nyingine. Mtaro unapita kwenye mashamba ya familia tatu, na makubaliano ya ufadhili hayaruhusu fedha za mradi kulipia ardhi. Kwenye "hayaruhusu" hakuna -na- wala -me-. Ni sharti lililokuwepo tangu siku ya kusaini, na litakuwepo hadi mwisho. Watu wa bajeti wana neno zuri kwa mipaka ya namna hii: ukomo. Tunasema ukomo wa bajeti, na tunaweza kusema ukomo wa matumizi ya fedha za mradi. "Kikwazo" nalo linafaa, lakini lina sauti ya kitu kilichosimama njiani ambacho mtu angeweza kukiondoa, na mfadhili akilisoma anaweza kudhani unamwambia alegeze masharti. Kama huo ndio ujumbe wako, uandike waziwazi kwenye mapendekezo. Kama sivyo, taja ukomo kisha onyesha unavyofanya kazi ndani yake: "Kwa kuwa fedha za mradi haziruhusiwi kulipa fidia, timu imependekeza mtaro upite kwenye hifadhi ya barabara, jambo litakaloongeza mita 400 za bomba na linalohitaji kibali cha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini." Hapo hakuna aliyelaumiwa na uamuzi unaotakiwa umeonekana.

Mvua ndiyo inayowachanganya wengi. Desemba masika hayajafika. Kuandika "changamoto ya mvua" ni kuripoti kitu ambacho hakijatokea, na robo ijayo yakitokea kweli utakosa namna ya kusema kwamba hali imebadilika. Sentensi sahihi inaanza na "endapo" na kitenzi chake kina -ta-: "Endapo masika yataanza kabla mtaro haujafukiwa, kuta zitabomoka na uchimbaji utarudiwa." Hicho ni kihatarishi, neno ambalo taarifa za serikali Tanzania zimeshalizoea, Kenya utakuta zaidi "hatari". Kina mambo yake matatu: uwezekano wa kutokea, athari yake kikitokea, na jina la cheo cha anayekisimamia. Ofisi nyingi hupima uwezekano na athari kwa alama 1 hadi 5, kisha huzidisha. Masika huanza karibu na Machi na yanatarajiwa kila mwaka, kwa hiyo uwezekano ni 4. Kurudia uchimbaji kutachelewesha kazi bila kuua mradi, athari ni 3. Zao lake ni 12 kati ya 25, linalotosha kuomba mtaro ufukiwe kila mwisho wa wiki badala ya kusubiri bomba lote lilazwe. Machi ikifika na kuta zikabomoka, kiondoe kwenye orodha ya vihatarishi na kukihamishia kwenye changamoto, ukiandika umbali ulioharibika.

Nimeacha kisima mwisho kwa sababu hapo ndipo maneno laini yanapodhuru. Upimaji wa kisima umeonyesha kinatoa lita 3,000 kwa saa. Kitenzi ni -me-, na kilichopimwa kimepimwa. Kwa saa 12 ni lita 36,000, zinazowatosha watu 1,440 kwa kiwango cha sera. Watu 960 hawamo. Nimeona mambo ya uzito huu yakiandikwa "changamoto ndogo ya wingi wa maji", na mkurugenzi akapita juu yake. Neno la haki ni upungufu, likiwa na tarakimu ubavuni: "Kisima kina upungufu wa lita 2,000 kwa saa ukilinganisha na usanifu." Tarakimu inatuliza sauti kuliko kivumishi chochote. Haitishi wala haibembelezi, na swali linalofuata linakuja lenyewe: tuchimbe kisima cha pili au tupunguze eneo la huduma?

Kwa mengine yaliyokwisha kutokea, taja jina la kitu chenyewe. Zege lililoshindwa kipimo cha siku 28 lina kasoro. Pampu iliyozima ina hitilafu. Saruji isiyoonekana stoo ni upotevu, na mkaguzi akiiandikia inakuwa hoja ya ukaguzi. Fundi aliyeumia amepata ajali, na tafadhali usimwite mtu aliyevunjika mguu changamoto, hata kama kiolezo cha taarifa kina kichwa cha habari hicho tu. Ongeza kichwa kingine.

"Tatizo" lenyewe halijafukuzwa kwenye taarifa. Mimi huliacha pale ambapo jambo limetokea na chanzo chake bado hakijulikani: "Kuna tatizo la pampu kujizima, fundi umeme anachunguza chanzo na atawasilisha majibu ifikapo Januari 15." Akishagundua kwamba ni nyaya, robo inayofuata liandike hitilafu ya nyaya. Akigundua kwamba maji yanashuka chini ya pampu, lihamishie kwenye aya ya upungufu wa kisima.