Mshahara Ukichelewa Urusi: Hesabu Fidia Yako Siku kwa Siku

Waswahili tunaofanya kazi Urusi tunajua vizuri haki ya kulipwa mshahara, lakini wengi wetu tunaishia hapo. Fedha ikiingia kwa kuchelewa tunashukuru imeingia, tunalipa kodi ya nyumba, maisha yanaendelea. Ilhali Kanuni ya Kazi ya Urusi, kifungu cha 236, inasema mwajiri aliyechelewesha analazimika kulipa na fidia, inayohesabiwa kwa kila siku ya ucheleweshaji. Huhitaji kuthibitisha kwamba uliumia, wala mwajiri haponi kwa kusema mteja wake hajamlipa au benki ilikwama. Wajibu huo upo hata kama hakufanya kosa lolote.

Kiwango cha chini cha fidia ni sehemu moja ya 150 ya riba ya msingi ya Benki Kuu ya Urusi, kwa kila siku, juu ya kiasi ambacho hakijalipwa. Mkataba wa pamoja wa wafanyakazi au mkataba wako binafsi unaweza kuweka kiwango cha juu zaidi, lakini si cha chini. Hesabu yenyewe ni hii:

```
fidia = deni × riba ÷ 100 ÷ 150 × siku
```

Usiidharau hiyo 1/150. Mwaka una siku 365, kwa hiyo deni linalokaa mwaka mzima linazaa karibu mara mbili na nusu ya riba ya msingi. Riba ikiwa asilimia 20, fidia ya mwaka inakaribia asilimia 49 ya deni. Kabla ya Oktoba 2016 kiwango kilikuwa 1/300, na mwajiri mjanja aliweza kuona mishahara ya watu kama mkopo wa bei nafuu. Kiwango kikaongezwa maradufu, na naona ilikuwa haki kabisa.

Sasa nieleze yaliyonikuta mimi, kwa sababu ugumu hauko kwenye fomula. Uko kwenye siku na kwenye riba.

Mkataba wangu ulitaja tarehe 5 kuwa siku ya malipo ya nusu ya pili ya mwezi uliotangulia. (Urusi mshahara hulipwa angalau kila nusu mwezi, na tarehe lazima ziandikwe.) Tarehe 5 Juni 2025, siku ya Alhamisi, nilitakiwa kupokea rubo 60,000 mkononi, yaani baada ya kodi ya mapato kukatwa. Hazikuja. Tarehe 11 ziliingia 20,000, na 40,000 zilizobaki zikaingia tarehe 20. Fidia haikuwemo, ingawa sheria inataka ilipwe pamoja na deni bila mfanyakazi kuiomba.

Siku ya kwanza ya kuhesabu ni ile inayofuata tarehe ya malipo, kwa hiyo tarehe 6. Siku ya mwisho ni ile fedha ilipolipwa, nayo inahesabiwa. Ila Benki Kuu ilikuwa imeshusha riba ya msingi kutoka asilimia 21 hadi 20 kuanzia tarehe 9 Juni, katikati kabisa ya ucheleweshaji wangu. Riba inayotumika ni ile iliyokuwepo siku husika, si ya siku ya kwanza wala ya mwisho. Basi nikagawa kipindi vipande vitatu, kila kipande kikiwa na deni moja na riba moja.

Kuanzia tarehe 6 hadi 8 deni lilikuwa 60,000 na riba asilimia 21, sawa na rubo 84 kwa siku. Siku tatu zinatoa 252. Kuanzia tarehe 9 hadi 11 deni lilikuwa lile lile, riba asilimia 20, rubo 80 kwa siku. Siku tatu zinatoa 240. Kuanzia tarehe 12 hadi 20 deni lilibaki 40,000, na siku tisa kwa riba ya asilimia 20 zinatoa 480. Jumla ni rubo 972.

Nilipoandika barua kudai, mhasibu alirudisha hesabu ya rubo 590 na kopeki 67. Nilikaa nayo mpaka nikaona alichofanya: alihesabu siku za kazi tu. Tarehe 12 Juni ni Siku ya Urusi, tarehe 13 mwaka huo ilikuwa mapumziko, kisha Jumamosi na Jumapili. Siku nne mfululizo zilifutwa, pamoja na Jumamosi na Jumapili ya tarehe 7 na 8. Kifungu cha 236 kinahesabu siku za kalenda zote. Deni halilali wikiendi. Nilimwandikia tena nikiweka jedwali la tarehe zote kumi na tano, na tofauti ikalipwa.

Kwa hiyo ukipewa hesabu, tazama kwanza idadi ya siku. Ikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia, chukua kalenda uone kama Jumamosi na Jumapili zimeachwa. Halafu tazama kama riba imebadilika katikati. Tarehe za mabadiliko zipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Jambo jingine linalopita kimyakimya ni siku ya malipo inapoangukia mapumziko. Sheria inataka mshahara ulipwe siku iliyotangulia, si Jumatatu. Kama tarehe yako ni Jumapili, ulistahili kulipwa Ijumaa, na fidia inaanza kuhesabiwa Jumamosi.

Kuhusu kodi, fidia hii haikatwi kodi ya mapato, maadamu haizidi kiwango kilichowekwa na sheria au na mkataba. Ukiona wamekata asilimia 13 juu yake, idai.

Ushahidi unaouhitaji si mwingi. Mkataba au kanuni za ndani za kampuni zinazotaja tarehe za malipo, taarifa ya benki inayoonyesha siku fedha ilipoingia, na hati ya mshahara ambayo mwajiri analazimika kukupa kwa maandishi. Hiyo hati itunze sana. Kiasi kilichoandikwa humo ni deni ambalo mwajiri mwenyewe amelikubali, na kwa deni la namna hiyo mahakama inaweza kutoa amri ya malipo, pamoja na fidia, bila kuita pande mbili kusikilizwa. Mfanyakazi anayedai mshahara halipi ada ya mahakama. Unaweza pia kuanza kwa malalamiko kwa Ukaguzi wa Kazi wa Serikali, bila malipo. Mwaka mmoja tangu siku ya malipo iliyokiukwa ndio muda wa kwenda mahakamani kudai mshahara. Usiumalize kwa kusubiri ahadi za mdomo.

Uraia hauondoi haki hii. Kinachoweza kukuondolea ni aina ya mkataba. Wageni wengi husainishwa mkataba wa kiraia wa kutoa huduma badala ya mkataba wa kazi, na kwa mkataba huo kifungu cha 236 hakikuhusu. Utadai riba ya kawaida ya madeni chini ya Kanuni ya Kiraia, kifungu cha 395, ambapo riba ile ile ya msingi inagawanywa kwa siku za mwaka badala ya 150. Deni langu la siku zile kumi na tano lingeleta takriban rubo 400 badala ya 972. Kama kila siku unaingia kwa zamu, chini ya msimamizi na kanuni zao za ndani, unaweza kuiomba mahakama itambue kwamba huo ni uhusiano wa kazi, na ikikubali, fidia inahesabiwa kwa 1/150.